Picha mbili, mahali pamoja? Jinsi ufukwe wa Zanzibar unavyotambuliwa licha ya miti, rangi na majengo kubadilika

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba linalotazama bahari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 wakati wa utawala wa Sultani Barghash bin Said, na limo ndani ya eneo lililoandikwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jengo la namna hiyo likianguka, picha zake za zamani huacha kuwa pambo la ukutani na kugeuka ushahidi. Anayetaka kujua nguzo zilisimama wapi, paa lilianzia kimo gani, au mnara ulikuwa na umbo lipi, hana budi kuzirejea. Hata hivyo, picha ya zamani haimfai fundi wala mwanahistoria mpaka maswali mawili yapate jibu: je, ni mahali hapo kweli, na ni ya wakati gani? Ufukwe wa Zanzibar umebadilika sana kiasi kwamba mtu aliyezaliwa hapo anaweza kuiangalia picha ya miaka ya 1880 na kuikana. Vilevile postikadi ya Lamu au ya Mombasa, yenye nyumba nyeupe, roshani na majahazi, inaweza kumdanganya mtu akaapa kuwa ni Zanzibar.

Kosa la kwanza linalowapata wengi ni kuanza na kile kinachovutia macho, yaani rangi, miti na vyombo vilivyopo majini. Vitu hivyo ndivyo vinavyobadilika upesi kuliko vyote. Ukuta hupakwa chokaa upya kila baada ya misimu michache. Miti ya bustani ya Forodhani haimo katika picha za enzi za Sultani Barghash, kwa sababu bustani yenyewe ilitengenezwa mwaka 1936 na kufanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2009. Maji nayo si shahidi. Kujaa na kupwa kwa bahari ya Zanzibar hutofautiana kwa takribani mita nne wakati wa bamvua, kwa hiyo picha mbili za siku moja zinaweza kuonyesha fukwe mbili zisizofanana kabisa.

Rangi katika picha za zamani ina mtego wake mwingine. Mabamba ya kioo yaliyotumiwa na wapiga picha wa karne ya 19 yalihisi zaidi mwanga wa buluu na hayakuhisi mwanga mwekundu. Kwa sababu hiyo anga la buluu hutokea jeupe tupu, na kitu chekundu hutokea karibu cheusi. Bendera ya Sultani, iliyokuwa nyekundu mwanzo hadi mwisho, katika picha hizo hufanana na kitambaa cha msiba. Anayelinganisha weusi na weupe wa picha ya mwaka 1890 na ile ya simu ya leo analinganisha tabia za kemikali mbili, wala si kuta mbili.

Basi kinachotafutwa ni vile vitu ambavyo kuvihamisha ni ghali au haiwezekani. Katika nchi za milima kama Rwanda na Burundi, shahidi wa kwanza ni mgongo wa mlima unaochorwa dhidi ya anga, kwani hapana mtu aupakaye rangi wala kuujenga upya. Unguja haina milima ya kutosha kwa kazi hiyo. Mji Mkongwe umekaa juu ya ardhi tambarare, na nafasi ya mlima inashikwa na majengo makubwa ya mawe.

Mpangilio kabla ya sura

Tuchukue picha ya aina inayopatikana mara nyingi: imepigwa kutoka chomboni, haina tarehe, na inaonyesha jumba kubwa jeupe lenye ghorofa na safu za nguzo. Kando yake kuna majengo mengine, mbele yake kuna mnara mrefu, na upande mmoja kuna kuta za ngome zenye minara ya duara. Pembeni tuweke picha ya rangi iliyopigwa kutoka baharini mwaka 2019, kabla ya maporomoko. Je, ni mahali pamoja?

Jambo la kwanza kuangaliwa ni nani yuko kulia na nani yuko kushoto. Mtu aliyeko baharini akiutazama mji huiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, ikiwa upande wa kulia wa Beit al-Ajaib. Kasri la Beit al-Sahel liko kushoto. Mpangilio huu hautegemei lenzi, saa wala msimu. Ikiwa katika picha ya zamani ngome iko kushoto, kuna mambo mawili tu: ama si Zanzibar, ama bamba la kioo liligeuzwa wakati wa kuchapisha picha. Kugeuzwa huko kulitokea mara nyingi, kwa kuwa bamba la kioo linapitisha mwanga pande zote mbili. Dawa yake ni kutafuta maandishi. Yakiwa yanasomeka kinyume, picha igeuzwe kwanza ndipo kazi iendelee.

Mpangilio ukikubali, hufuata vipimo. Tuseme katika picha ya zamani, kutoka kona moja ya uso wa Beit al-Ajaib hadi nyingine ni milimita 60, na katika picha mpya ni milimita 90. Picha mpya basi ni kubwa mara moja na nusu. Hapa wengi hufurahi mapema, kumbe bado hakuna kilichothibitishwa. Pointi mbili hukubaliana daima, kwa sababu picha yoyote inaweza kukuzwa au kupunguzwa mpaka pointi mbili zikae juu ya nyingine mbili. Ni pointi ya tatu inayosema. Ikiwa katika picha ya zamani mnara wa karibu wa ngome uko milimita 24 kutoka kona ya jumba, katika picha mpya unapaswa kuwa kwenye milimita 36. Ukiwa kwenye 36, huo ni ushahidi. Ukiwa kwenye 31, bado picha haikanushwi, ila panazuka swali jipya: je, wapiga picha wawili walisimama mahali pamoja?

Elimu ya wavuvi

Swali hilo ndilo moyo wa kazi yote, na watu wa pwani wana jibu lake tangu zamani. Mvuvi anayetafuta mwamba ulio chini ya maji hatumii ramani. Hulinganisha mnara na mnazi ulio nyuma yake mpaka mmoja uukinge mwingine, na hapo hujua kuwa yuko juu ya mstari fulani. Kisha hutafuta jozi nyingine ya alama upande mwingine. Mistari miwili inapokutana, ndipo penye mwamba.

Picha husomwa kwa namna hiyohiyo. Nyuma ya upande wa Ngome Kongwe hujitokeza minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa miaka ya 1890. Tazama ni wapi hasa mnara wa kanisa unakaa dhidi ya ukingo wa ngome. Mpiga picha akisogea kushoto, kitu kilicho karibu naye huonekana kusogea kulia dhidi ya kile kilicho nyuma. Akisogea kulia, hutokea kinyume chake. Mtu anaweza kulijaribu hili sasa hivi kwa kuinua kidole gumba mbele ya dirisha na kufumba jicho moja baada ya jingine.

Wapo wasemao kwamba tofauti kati ya picha mbili imeletwa na lenzi. Hoja hiyo haifai hapa. Lenzi ndefu huleta mandhari karibu na kukata kando zake, na lenzi pana huongeza kando, lakini hakuna lenzi inayobadilisha ni kitu gani kinakinga kingine. Hilo huamuliwa na mahali aliposimama mpiga picha peke yake. Kwa hiyo milimita 31 badala ya 36 inaweza kuelezwa kwa chombo kilichotia nanga mita kadhaa kando, ilimradi vitu vingine vyote vya mbele na nyuma vimesogea kwa upande unaotarajiwa. Kitu kimoja kikisogea kulia na kingine cha umbali uleule kikisogea kushoto, maelezo hayo yameanguka.

Vitu vilivyo juu ya ukuta mmoja havina uhuru huo. Nguzo na sakafu za roshani za uso wa Beit al-Ajaib ziko kwenye bapa moja, na popote mpiga picha aendapo, hakuna inayoruka nyingine. Ukuta ukitazamwa kwa upande, nafasi za nguzo za mbali hubanana na za karibu hupanuka, lakini mfuatano na uwiano wake hufuata kanuni moja. Hapo ndipo rula na penseli hufanya kazi ambayo jicho haliwezi. Ukichora mistari miwili ya ulalo kutoka kona hadi kona ya uso wa jengo, hukutana katikati halisi ya jengo, hata kama picha imepigwa kwa upande na katikati hiyo haionekani kuwa katikati. Kona za chini zikifichwa na miti, kama zinavyofichwa katika picha nyingi za sasa, mtu anaweza kutumia mstari wa sakafu ya roshani ya juu badala ya mstari wa ardhi.

Tuifanye kazi hiyo kwa mnara. Katika picha ya mwaka 2019 mnara wa saa umekaa juu ya mstari unaopita penye makutano ya milalo, kwa kuwa ulijengwa ukiwa umeungana na uso wa jumba, katikati yake. Katika picha yetu isiyo na tarehe, mnara haumo juu ya mstari huo, bali umekaa mbali nao. Tukipata picha ya tatu ya enzi hiyohiyo iliyopigwa kutoka mahali pengine, mnara uleule unaonekana umehama dhidi ya nguzo za jumba. Kitu kinachohama dhidi ya ukuta hakikushikamana nao. Huu ni mnara mwingine, uliosimama peke yake mbele ya majumba.

Tofauti inapogeuka tarehe

Mtu mwenye haraka angesema hapa kwamba picha zimekataana na mahali si pamoja. Historia ya Zanzibar inasema vingine. Mbele ya majumba ya Sultani palikuwa na mnara wa taa. Kati ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel palikuwa na jumba la tatu, Beit al-Hukm. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm liliharibiwa, mnara wa taa ukaharibika vibaya, na Beit al-Ajaib likanusurika na madhara madogo. Katika matengenezo yaliyofuata, mwaka 1897, mnara mpya ulijengwa ukiwa sehemu ya uso wa Beit al-Ajaib, na pale Beit al-Hukm lilipokuwa pakabaki bustani.

Kwa hiyo zile tofauti zilizoelekea kuikana picha ndizo zinazoipa umri. Jumba lipo, hivyo si kabla ya mwaka 1883. Mnara wa peke yake umesimama mzima na upande wa kushoto wa jumba hauna pengo, hivyo si baada ya Agosti 1896. Picha yetu imefungwa ndani ya miaka 13. Minara ya kanisa ikionekana nyuma ya ngome, hata ikiwa bado inajengwa, tunasogea kwenye miaka ya mwisho ya kipindi hicho. Isipoonekana, ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba haikukingwa na kitu kingine kabla ya kusema kwamba haikuwapo.

Bahari nayo, ambayo haikufaa kuthibitisha mahali, ina neno kuhusu wakati. Meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizamishwa bandarini siku hiyohiyo ya mizinga, na kwa kuwa maji hayakuwa marefu, milingoti yake ilibaki imechomoza juu. Mabaki hayo yaliondolewa mwaka 1912. Picha yenye milingoti mitupu inayotoka majini mbele ya mji, bila chombo chini yake, imepigwa kati ya Agosti 1896 na mwaka 1912.

Njia hii ya kuisoma tofauti kama kalenda haitumiki kwa picha za kihistoria pekee. Mwaka 2018 waandishi wa BBC Africa Eye waliichunguza video iliyoonyesha wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, tukio ambalo serikali ya Kamerun kwanza ililiita habari za uongo. Mgongo wa mlima uliokuwa nyuma ya watu hao ulilinganishwa na umbo la ardhi na ukapatikana karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Kisha majengo yaliyoonekana katika video yalitafutwa katika picha za satelaiti za miaka mbalimbali. Jengo moja lililomo katika video halikuwapo tena kufikia Februari 2016, hivyo mauaji yalikuwa yametokea kabla ya hapo. Mahali palithibitishwa na kile ambacho hakikubadilika, na wakati ukapatikana kutokana na kile kilichobadilika. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Panapokwamisha

Kanuni inayofuatwa na wachunguzi makini ni kwamba wingi wa mfanano hauondoi kipingamizi kimoja kisicho na maelezo. Mtu anaweza kuhesabu nguzo, madirisha na mizinga ishirini inayofanana, lakini ikiwa kuna ukuta wa mawe mahali ambapo hapajawahi kuwa na ukuta, mfanano wote husubiri. Maelezo ya kipingamizi nayo lazima yapatikane nje ya picha, katika hati, ramani au picha nyingine yenye tarehe inayojulikana. Kusema tu kwamba «huenda walibomoa» ni kuipindisha picha mpaka ikubali.

Tarehe iliyoandikwa kwenye picha yenyewe inahitaji tahadhari ileile. Wachapishaji wa postikadi walitumia bamba moja kwa miaka mingi. Muhuri wa posta wa mwaka 1905 nyuma ya kadi unasema kwamba picha haikupigwa baada ya 1905, wala hausemi zaidi ya hapo. Kadi yenye mnara wa taa na Beit al-Hukm inaweza kuwa imetumwa muda mrefu baada ya vyote viwili kutoweka, na aliyeipokea ng'ambo akaamini kwamba ndivyo Zanzibar ilivyokuwa mwaka huo.

Ipo pia picha ambayo haina njia. Ni ile iliyokatwa mpaka ikabaki na ukuta mmoja tu, bila ngome, bila kasri, bila kitu nyuma. Hapo hakuna mbele na nyuma, kwa hiyo elimu ya wavuvi haifanyi kazi, na kilichobaki ni kulinganisha umbo la jengo lenyewe. Katika pwani ambako mafundi walirudia miundo ileile ya milango, matao na roshani, mfanano wa umbo pekee hautoshi. Jibu la kweli kwa picha ya namna hiyo ni «inawezekana», na linapaswa kuandikwa hivyohivyo chini yake. Wakati mwingine nakala isiyokatwa ya picha hiyohiyo hupatikana kwenye mkusanyiko mwingine, na kipande kidogo cha buruji za ngome kwenye ukingo wa kulia humaliza mjadala.

Jumba lenyewe litaongeza tatizo jingine. Likisimamishwa upya kwa kufuata picha za kabla ya mwaka 2020, uso wake na mnara wake vitafanana na vile vilivyoanguka, na kipimo cha milalo kitatoa jibu lilelile kwa picha ya kabla na ya baada. Atakayetaka kuzitenganisha picha hizo atalazimika kuyaacha mawe na kuitazama ile miti ya Forodhani, mahali shina lilipotoka ardhini na pale matawi makubwa yalipogawanyika, kwa kuwa katika kipindi kifupi cha miaka michache taji la mti hubadilika lakini shina halihami.